Muhuri kwenye shavu la babu

Nimekutumia picha ya marehemu babu kwa WhatsApp uirekebishe. Mbona unasema haifai?
*Msomaji, Tanga*

Kwa sababu ulichotuma ni picha ya picha, iliyopigwa usiku sebuleni, taa imemkaa babu kwenye paji la uso, kisha WhatsApp nayo ikaikamua. Sijui nilirudie hili mara ngapi. Ipeleke kwenye skana: 600 dpi kwa picha ya ukubwa wa kadi ya posta, 1200 dpi kwa ya pasipoti. Hifadhi kama TIFF, utume kama Document. Na uskani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe. Sababu iko kwenye swali linalofuata.

Picha pekee ya babu ilibanduliwa kwenye kitambulisho cha zamani. Muhuri wa zambarau umempita shavuni hadi kwenye kola. Fundi anasema atamtengenezea shavu jipya. Hakuna njia nyingine?
*Msomaji, Morogoro*

Ipo, na huyo fundi mwambie asubiri. Shavu la babu halijapotea, liko chini ya wino.

Ukiskani kwa rangi, kompyuta inaweka picha tatu kwa pamoja: nyekundu, kijani na bluu. Fungua Photoshop, nenda kwenye Channels, uziangalie moja moja. Wino wa zambarau hula zaidi mwanga wa kijani na kuacha bluu ipite, kwa hiyo kwenye Green muhuri utauona mweusi tii, na kwenye Blue utafifia, pengine ubaki kama kivuli tu. Chukua hiyo Blue iwe picha yako ya kazi. Kinachobaki, mistari miwili mitatu ya herufi, ndicho unachokifuta kwa Healing Brush, kidogo kidogo, kwenye nakala ya leya iliyo juu ili ukikosea urudi.

Lakini madoa ya manjano yanakwenda kinyume: kwenye Blue yanazidi kuwa meusi, kwenye Red yanapotea. Picha yenye muhuri shavuni na doa la chai begani basi inachukuliwa shavu kutoka Blue na bega kutoka Red. Aliyeskani kwa Grayscale ameshavichanganya vyote na havitenganishwi tena.

Tunataka babu awe katikati yetu kwenye picha ya Idi, ila ana kichwa na mabega tu. Tumtafutie mwili?
*Msomaji, Mombasa*

Mwili wa nani? Mpange safu ya nyuma, mabega ya walio mbele yamfiche kuanzia kifuani. Basi.

Kazi yenyewe inaanza kabla ya kupiga hiyo picha ya Idi. Kwanza tazama kivuli cha pua ya babu kinaangukia upande gani, na mwanga wenu utoke upande uleule. Picha za pasipoti hupigwa kamera ikiwa usawa wa macho, kwa hiyo fundi wenu asipande kwenye kiti. Kamera ikae kwenye stendi. Acheni nafasi safu ya nyuma, na kwa picha moja mtoto wa babu mwenye kimo chake asimame pale. Kisha atoke, wengine msijongee, mpige tena. Ile ya kwanza ndiyo itakayokuonyesha kichwa kiwe kikubwa kiasi gani na kivuli chake kinamwangukia nani.

Wengi huharibu mwishoni. Wanamng'arisha babu afanane na wajukuu, wakati ni rahisi zaidi kuwashusha wajukuu. Geuza picha nzima iwe nyeusi na nyeupe, punguza weusi wa nywele zenu ufikie ule wa kijivu wa nywele zake, kisha waongezee walio hai chembechembe kama za picha yake.

Na msiogope udogo wa picha. Uso wa sentimita 2.5 kwa 1200 dpi ni karibu pikseli 1,200. Kichwa cha sentimita 3 kwenye karatasi, ukichapa kwa 300 dpi, kinataka kama 350 tu.

Nimpake babu rangi?
*Msomaji, Arusha*

Kama unajua koti lake lilikuwa rangi gani. Hujui.

Picha imegandamana na kioo cha fremu. Niiloweke?
*Msomaji, Zanzibar*

Usithubutu. Kinachobeba sura ni utando wa jelatini, ukilowa unavimba na kubaki kwenye kioo. Safisha kioo kwa nje, weka fremu pembeni ya dirisha, tundika kitambaa cheusi nyuma ya kamera ili kioo kisirudishe taswira yako, upige hivyohivyo.

Programu ya simu imenitolea bibi ngozi laini na macho yanayong'aa. Familia imefurahi. Wewe unalalamika nini?
*Msomaji, Nakuru*

Nalalamika kwamba pale picha ilipofifia programu haikusoma kitu, imejaza sura kutoka nyuso za watu wengine. Shangazi yangu alikuwa na mwanya. Nilipomjaribu humo akarudi na meno yamejipanga kama ya tangazo la dawa ya mswaki. Mama aliishika simu, akaisogeza mbali, akaniuliza huyu ni mtoto wa nani.