Ile kasoro ya nane: ukaguzi wa mwisho wa nguo na namba za AQL

Wadogo zangu mnaoanza kazi meza ya ukaguzi wa mwisho, juzi kuna binti kaanza kwetu hapa Dodoma akaniuliza swali ambalo hata mimi niliuliza wiki ya kwanza. "Kaka, AQL 2.5 si maana yake tunaruhusiwa nguo mbovu mbili na nusu kwenye kila mia?" Nikamwambia hapana, AQL ni kiwango cha ubora kinachokubalika ukikagua kwa sampo, afu nikaona niandike kabisa, manake wengi wanafanya hii kazi miaka na miaka bila kujua ile namba inafanya nini, na siku supavaiza akikubana unakosa cha kumjibu.

Nitawaeleza kwa oda moja tu niliyoikagua, suruali za kazi za kaki, 2,400.

Kwanza hesabu. Tunatumia jedwali la ISO 2859-1, kiwango cha kawaida namba II. Unaangalia loti, yaani mzigo mzima unaokaguliwa, ina nguo ngapi, 2,400 inaangukia kati ya 1,201 na 3,200, hapo unapewa herufi K, na K maana yake unachukua nguo 125. Mteja wetu alikuwa ameandika kasoro kubwa 2.5 na kasoro ndogo 4.0. Ukifuata mstari wa K unakuta kwa 2.5 unapitisha mpaka nguo 7, ikifika 8 loti imeanguka. Kwa 4.0 unapitisha mpaka 10, ya 11 inaangusha. Kasoro za hatari kama kipande cha sindano kilichobaki ndani ya nguo hazina cha kuhesabu, moja tu na oda inasimama.

Sasa angalia hapo. 7 kati ya 125 ni kama asilimia 5 na nusu, mara mbili ya ile 2.5! Kwanini? Kwasababu umechukua sampo, na sampo ina bahati yake, leo unaokota mbovu nyingi kesho chache. Jedwali limeachia nafasi ili kiwanda chenye loti nzuri kisionewe na bahati. Loti ikiwa na ubovu wa 2.5 kweli, yaani suruali 60 kwenye zile 2,400, karibu kila mara itapita. Ikiwa na asilimia 5, yaani suruali 120 mbovu, bado itapita kama mara saba katika kumi. Inabidi ubovu ufike asilimia 10, suruali 240, ndo uwezekano wa kupita unashuka chini ya mara moja katika kumi. Kwahiyo kiwanda kimeshapewa nafasi kubwa tu ndani ya ile namba 7, na mtu akija kukuomba umuongezee ya nane anaomba mara ya pili kitu ambacho ameshapewa.

Turudi kwenye oda. Suruali zote zilikuwa zimeshashonwa na nyingi zipo kwenye katoni, 20 kila katoni, jumla katoni 120. Sisi tunachukua kipeuo cha pili cha idadi ya katoni, kwa 120 ni kama 11. Katoni kumi na moja suruali kumi na moja kila moja ni 121, nne zinazobaki unaongeza popote. Nilipofika stoo nikakuta katoni kama kumi na tano zimepangwa vizuri karibu na mlango, supavaiza ananiambia nimekuandalia hapo mdogo wangu usihangaike. Usikubali hiyo. Siwezi kusema alikuwa na nia mbaya, ila sampo lazima uchague mwenyewe, za chini, za nyuma, za katikati, na hakikisha saizi zote na rangi zote zimo. Niliomba vijana wawili wa kubeba, tukashusha mpaka zile zilizoegemea ukuta, zimejaa vumbi hili letu la Kizota ambalo upepo ukianza linaingia kila mahali (nguo nyeupe usizifungue kabla hujafuta katoni juu, utatengeneza kasoro mwenyewe).

Mezani, suruali moja moja. Mimi naanza nje kwa macho, nailaza bapa, kama mshono umejikunja kunja utauona hapo hapo, haulali. Afu nageuza ndani nje. Ndani ndo kwenye kazi. Nashika kitambaa pande mbili za mshono, navuta kwa mikono miwili nguvu ya kawaida ya mtu anayevaa, nainua kwenye taa nione kama mwanga unapita. Natembea hivyo kiunoni kushuka makalioni, pale miguu inapokutana, afu mshono wa ndani wa mguu hadi kwenye pindo. Wageni wengi wanaangalia tu bila kuvuta, na kasoro mbili za mshono zinazosumbua kuliko zote huwezi kuziona bila kuvuta.

Ya kwanza ni mshono kuachia. Hii mara nyingi inatokea kwenye ovaloki, vitambaa viwili vinaingia pamoja ila kile cha chini kinasogea ndani kidogo, kisu kinakata cha juu tu na sindano inakikosa cha chini kabisa. Kwa nje mshono unaonekana mzima. Ukivuta unakuta tundu la nusu inchi.

Ya pili ni uzi kuruka, na hapa nataka mkae kidogo. Mashine inatengeneza mshono kwa kuutegea uzi, sindano ikianza kupanda inaacha kitanzi kidogo nyuma yake, na kwenye mashine ya cheni lupa, kile kindoano cha chini ya kitambaa, inapita inakidaka kile kitanzi. Sindano ikiwa imepinda kidogo au butu au nyembamba kuliko kitambaa, kitanzi kinakaa pembeni na lupa inapita patupu. Hapo uzi umeruka. Kwenye mshono wa kawaida wa bobini, tundu moja lililoruka linabaki mshono mrefu kidogo mahali hapo, pengine kwenye mfuko unaita kasoro ndogo na maisha yanaendelea. Kwenye cheni ni habari nyingine kabisa. Cheni kila kitanzi kinashikwa na mwenzake, mmoja akikosekana ukivuta unafumuka kama mdomo wa gunia la mchele. Makalio ya suruali za kazi yanashonwa kwa cheni makusudi manake inavutika mtu akichuchumaa, kwahiyo uzi ukiruka pale ni kasoro kubwa, hata kama ni mmoja.

Mpaka suruali ya mia na kitu nilikuwa na kasoro kubwa 6. Kasoro ndogo zilikuwa 9, nyingi nyuzi ndefu ambazo hazijakatwa, na moja mistari ya mfuko haiko sawa. Kumbuka nguo yenye kasoro kubwa na ndogo pamoja unaihesabu mara moja tu, kwenye kubwa. Ya 111 ikaongeza, 7. Ya 119 nikavuta makalio, pale kwenye makutano uzi umeruka mmoja. Supavaiza alikuwa amesimama nyuma yangu, lori la kubeba mzigo lipo nje, akasema "hiyo weka kwenye ndogo bwana, uzi mmoja tu huo."

Na ukweli ni kwamba miezi michache nyuma kwenye oda nyingine niliwahi kukubali. Niliandika ndogo. Suruali zikaenda, zikarudi fungu zima, za watu wanaopakia mizigo, zimepasuka makalioni mahali palepale nilipopaona kwa macho yangu. Mtu anainama kazini mbele za watu suruali inaachia. Hilo liliniuma sana na bado linaniuma. Kwahiyo ile ya 119 nikaandika kubwa, 8, nikamaliza na zile sita zilizobaki kwasababu ukianza sampo imalize upate picha nzima, afu nikaandika loti imeanguka. Akaniambia basi chukua nyingine ishirini tuone. Hapana, huwezi kuongeza sampo mpaka ipite, ukifanya hivyo jedwali lote halina maana tena.

Badala yake nilimuomba tuzilaze zile nane mezani pamoja. Tano zilikuwa uzi kuruka makalioni, zote kwenye makutano ambapo mishono inapandana na kitambaa kinakuwa kinene. Mbili mshono wa ndani wa mguu umeachia. Moja lupu ya mkanda imeshonewa chini tu, juu haijashikwa. Tukaangalia tiketi za mafungu, katika zile tano nne zimetoka mashine moja. Tukamuita fundi mashine, akatoa sindano, ilikuwa namba 90 na ncha imechoka. Kitambaa cha kaki kikiwa tabaka moja moja inapita, ikifika kwenye unene inapinda kidogo, lupa inakosa. Akaweka namba 100, akaangalia na muda wa lupa, wakashona vipande vya majaribio kwenye unene uleule mpaka ikawa haikosi hata kimoja.

Afu kazi ngumu, suruali zote 2,400 zikafunguliwa zikavutwa makalio na mguu wa ndani. Uzi kuruka makalioni tulikuta 84. Ukijumlisha na zilizoachia na mengine zilifika kama 130, yaani asilimia tano na ushee, ile loti ambayo mara nyingi ingepita. Kwenye kurekebisha kuweni makini, watu wanapiga mshono juu ya tundu lililoruka tu, unaachia tena baada ya kufuliwa. Tulirudia kuanzia inchi moja kabla mpaka inchi moja baada, kwenye mshono mzima ulioshika.

Ukaguzi wa pili nilichukua 125 upya, katoni nyingine. Kasoro kubwa 3, ndogo 6. Ikapita, na zile tisa nazo zikatolewa zikarekebishwa, loti kupita haina maana nguo mbovu uliyoishika mkononi inarudi kwenye katoni.

Yule dada wa ile mashine watu walianza kumnyooshea kidole siku ile ile. Kumbe alikuwa ameomba sindano mpya toka juzi yake na stoo wakamwambia subiri. Ndo maana siku hizi kwenye daftari langu mbele ya kila kasoro naandika namba ya mashine na sindano iliyokuwemo, jina la anayeshona siandiki.