Karenti reshio ni 2 ila hela ya kumlipa sapulaya sina

"Wakuu, nina duka la hadwea. Mhasibu kasema mali za muda mfupi ni milioni 25, madeni ya muda mfupi 12.5, kwa hiyo niko vizuri. Mbona sapulaya anadai nashindwa kumlipa?"

Mkuu, hesabu ya mhasibu iko sawa, 25 gawa kwa 12.5 ni 2, na ukitoa unabaki na mtaji wa kuendeshea wa milioni 12.5, shida ni hiyo 25 imekaa wapi. Tuseme stoki ni 18, unaowadai 6, keshi 1. Sasa ingia stoo, vile vigae vya rangi ambayo haitoki tangu mwaka jana na rangi zilizoanza kuganda, kama ni milioni 8 zitoe. Halafu fungua daftari la madeni, fundi aliyechukua saruji akazima simu naye mtoe, tuseme 4. Inabaki 13, reshio inashuka mpaka 1.04 na mtaji ni laki tano tu, hapo ndo ukweli ulipo.

Kingine angalia tarehe. Reshio inahesabu chochote cha ndani ya miezi 12, ila sapulaya anataka hela ndani ya siku 30 na nondo zako zinakaa siku 90 ndo zinaisha. Uza hivyo vigae hata kwa hasara upate keshi, na muombe sapulaya siku 60. Usikope mkopo wa muda mfupi kumlipa, deni linabaki lilelile ila sasa lina riba.