Kuhusu hotuba ya maelekezo: shokapu ya Noah

"Wakuu, ofisini wamenipa dakika chache niongee kwenye semina kuhusu kutoa maelekezo yanayoeleweka. Nionyesheje kwamba maelezo pungufu yanamchosha anayeagiza na anayesaidia?"

Mkuu, mimi nauza spea za magari Dar, wateja wangu wengi wako mikoani. Ningesimama nikasema hivi:

"Ndugu zangu, fundi wa Njombe alinitumia ujumbe: 'Nitafutie shokapu ya Noah, haraka.' Yeye gari lilikuwa mbele yake limepigwa jeki, kwa hiyo hakuona kilichopungua. Mimi nilikuwa dukani sioni kitu. Noah ipi? Ya zamani, SR40, inavuta kwa tairi za nyuma. Iliyoifuata, AZR60, inavuta kwa za mbele, na shokapu zake haziingiliani. Halafu kuna AZR65, inayovuta kwa tairi zote nne. Nikauliza. Fundi yuko chini ya gari, mikono ina grisi, simu iko kwenye koti. Jibu likaja mchana: AZR60. Nikauliza mbele au nyuma. Kimya tena. Wakati huo muuzaji jirani ameniwekea mzigo pembeni na mteja mwingine anautaka.

Mwisho akaandika: 'Mbele, kulia.' Ikapanda basi la usiku. Asubuhi ananipigia: haikai, kishikio cha mpira wa breki kimeangalia upande mwingine. Kumbe alisimama mbele ya boneti akiitazama gari, na kulia kwake ndiko kushoto kwa gari. Shokapu ikarudi Dar, nyingine ikapanda, nauli ya mzigo mara tatu. Mwenye gari naye alikuwa anapanda bodaboda huku akimlaumu fundi, na fundi ananilaumu mimi."

Hapo nyamaza kidogo, watacheka. Kisha wasomee ujumbe ambao ungemaliza kazi kwa mara moja:

"Shokapu moja ya mbele, upande wa abiria, Noah AZR60. Picha ya kibati cha chesisi hii hapa. Iliyotumika kutoka Japani inafaa. Iwahi basi la leo usiku."

Ona "upande wa abiria": mtu asimame popote, usukani hauhami. Na picha ya kibati inamaliza ubishi wa modeli, maana herufi za mwanzo za chesisi namba ndizo zinazoitaja.

Ila waambie pia kwamba urefu wa ujumbe siyo dawa. Kuna wanaoniandikia aya nzima, gari lilinunuliwa lini na shimo lilikuwa barabara gani, halafu upande hawausemi. Rangi ya gari kwenye shokapu hainisaidii chochote. Kwenye sait mira ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Muda ukibaki, wagawe wawili wawili. Mmoja aandike ombi halisi la kazini kwao, mwenzake aruhusiwe kuuliza maswali tu. Kila swali atakaloulizwa ni simu ambayo ingepigwa.