Glukosi, ATP na ile alama ya kujumlisha: kwa mnaoanza baiokemia

Hapa Kigoma, kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, huwa tunakaa na vijana waliomaliza kidato cha sita wanaokwenda kusomea afya. Swali linalowasumbua ni lilelile: ikiwa badiliko la nishati huru la mmenyuko ni chanya, inakuwaje uendelee ndani ya seli? Wengi huja na jibu walilokariri: ATP huvunjwa na maji, nishati hutoka, kisha nishati hiyo huusukuma mmenyuko mwingine. Jibu hilo liacheni mapema. Nitawaonyesha kwa nini kwa mfano mmoja tu, ule wa glukosi inapoingia kwenye chembe nyekundu ya damu.

Glukosi ikishaingia, jambo la kwanza inalofanyiwa ni kubandikwa fosfeti kwenye kaboni yake ya 6, iwe glukosi-6-fosfeti. Tuseme seli ingejaribu kuibandika fosfeti huru, ile iliyomo tu kwenye maji yake, bila ATP:

glukosi + Pi → glukosi-6-fosfeti + H₂O

Katika hali sanifu, badiliko la nishati huru la mmenyuko huu, yaani ΔG°′, ni +13.8 kilojuli kwa moli. Hapa wengi husema "basi hauwezekani", na hapo ndipo wanapoanza kupotea. Alama ya kujumlisha haikatazi mmenyuko; inasema utafika kwenye msawazo mapema sana, bidhaa ikiwa bado kidogo mno. Piga hesabu uone. ΔG°′ = −RT ln K inakupa K ya karibu 0.004. Ndani ya chembe nyekundu glukosi ni kama milimola 5 kwa lita, na fosfeti huru ni kama milimola 1. Zidisha 0.004 kwa 0.005 kwa 0.001, upate molari 0.00000002. Hicho ndicho kiwango cha juu cha glukosi-6-fosfeti ambacho seli ingeweza kufikia kwa njia hiyo, hata ingesubiri mwaka mzima. Lakini ukiipima chembe nyekundu yenyewe, unaikuta kwenye molari 0.00008 hivi, yaani mara 4,000 zaidi. Pengo hilo ndilo linalotaka maelezo.

Kwenye karatasi maelezo ni mepesi. Hidrolisisi ya ATP ina ΔG°′ ya −30.5. Ijumlishe na +13.8, unabaki na −16.7, na K inaruka kutoka 0.004 hadi karibu 850. Kujumlisha huku ni halali kabisa, kwa sababu nishati huru hutegemea ulikoanzia na ulikoishia, haijali umepita njia gani.

Siku moja tulipofika hapo, binti mmoja akasimama akaangalia ubao, akasema: "Kaka, yale maji yaliyovunja ATP yameenda wapi? Mbona kwenye jumla hayapo?" Hilo ndilo swali bora ninaloweza kuwatamania. Andika milinganyo yote miwili, kata kinachojirudia pande zote mbili: maji yanakatika, fosfeti huru nayo inakatika. Kinachobaki ni hiki:

glukosi + ATP → glukosi-6-fosfeti + ADP

Hakuna maji. Hidrolisisi tuliyoijumlisha ilikuwa ya kihesabu, na ndani ya seli haikutokea. Ingekuwa imetokea kweli, tungepoteza kila kitu. Waliozoea mwalo wa Kibirizi wanajua: petroli ukiimwaga ufukweni ukaiwasha, inatoa joto lilelile ambalo ingetoa ndani ya injini, lakini boti halisogei hata hatua moja. ATP ikivunjwa na maji pembeni ya glukosi ni vivyo hivyo. Joto linatoka, linatawanyika, basi. Joto hufanya kazi pale tu linapotoka penye moto kwenda penye baridi, na ndani ya seli halijoto ni moja kila upande. Kwa hiyo ile picha ya nishati "inayotolewa" kisha "kuokotwa" na mmenyuko wa jirani haina pa kusimamia.

Kinachotokea hasa ni kazi ya kimeng'enya kiitwacho heksokinesi. Kina sehemu mbili zilizoachana kama mdomo ulio wazi. Glukosi ikishatua ndani, sehemu hizo hufunga na kuisogeza karibu kabisa na ATP. Oksijeni ya kundi la OH kwenye kaboni ya 6 inaishika fosfeti ya mwisho ya ATP huku ADP ikiiachia. Fosfeti inahama moja kwa moja kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, haielei peke yake hata kidogo. Huko kufunga pia huyazuia maji yasifike kwenye ATP, na ni mfano mzuri wa wazo alilolitoa Daniel Koshland mwaka 1958 kwamba kimeng'enya hubadili umbo kinapokutana na kitu chake.

Tunajuaje kwamba kufunga huko ndiko kunakofunganisha mimenyuko miwili? Kuna jaribio ninalolipenda sana. Mpe heksokinesi zailosi badala ya glukosi. Zailosi ni sukari inayofanana na glukosi lakini ina kaboni 5, haina ile ya 6 ya kupokea fosfeti. Kimeng'enya kinaikubali, kinajifunga, ATP inakuwa tayari, lakini nafasi ya mpokeaji iko tupu na maji yanaweza kuikalia. Sasa ATP inavunjwa na maji, kwa kasi kubwa kuliko kimeng'enya kikiwa hakina sukari yoyote. Hidrolisisi unaiona, ADP na fosfeti huru zinaongezeka, lakini hakuna sukari iliyobandikwa chochote. ΔG ya ATP ni ileile. Kilichokosekana ni muunganiko.

Jambo la mwisho, na wengi hulipita haraka. Ile −30.5 si nguvu iliyohifadhiwa ndani ya kifungo cha fosfeti. Kuvunja kifungo chochote hugharimu nishati. Uwezo wa ATP unatokana na seli kuiweka mbali sana na msawazo wake. Katika chembe nyekundu ATP ni kama milimola 1.85 na ADP ni kama 0.14. Ukiweka viwango hivi pamoja na vya glukosi na glukosi-6-fosfeti kwenye ΔG = ΔG°′ + RT ln Q, kwa nyuzi 37 unapata karibu −34, maradufu ya ile −16.7 ya karatasini. Ungeiacha ATP ifike kwenye msawazo na ADP na fosfeti, molekuli ingekuwa ileile, vifungo vilevile, na isingeweza kusukuma chochote.

Na −34 haisemi lolote kuhusu kasi. Changanya glukosi na ATP kwenye chupa bila heksokinesi, utakaa hapo bila kuona badiliko la maana. Ndani ya chembe nyekundu tatizo ni la upande wa pili: mmenyuko uko mbali na msawazo kiasi kwamba ungeweza kuendelea hadi ATP iishe, na chembe hii haina mitokondria ya kuitengeneza upya. Kinachouzuia ni glukosi-6-fosfeti yenyewe. Ikirundikana, inaishika heksokinesi na kuipunguza kasi, ingawa ΔG bado ni hasi sana.