Rangi Iwe ya Mwisho: Kushindanisha Picha za Vioo vya Maduka

Ukipewa picha za vioo vya maduka uzipange kuanzia bora hadi ya mwisho, jicho hukimbilia yenye rangi nyingi. Ukishaipenda kwa rangi, utaona hata bidhaa zake zimepangwa vizuri, kumbe zimerundikwa tu. Nimekuwa nikiwasaidia wenye maduka Mbeya na Iringa kulinganisha vioo vyao, na njia ninayoitegemea ni hii: chukua kigezo kimoja, kipitishe kwenye picha zote, andika nafasi, ndipo uende kwenye kingine. Rangi iwe ya mwisho.

Nitumie mfano wa maduka matatu ya nguo za baridi pale Mwanjelwa, Mbeya, picha zilizopigwa mwezi Juni watu wakitafuta masweta. Kioo A kilikuwa na mdoli mmoja aliyevaa koti jekundu, nyuma yake masweta ya kijivu na kahawia. Kioo B kilijaa mablanketi na masweta ya machungwa, njano na nyekundu kutoka juu hadi chini. Kioo C kilikuwa na mafungu matatu: nguo za watoto, za kina mama na za wanaume, kila sweta na kofia na skafu yake.

Kwanza kitovu, yaani mahali jicho linapotua kabla ya pengine popote. Punguza picha kwenye simu mpaka iwe ndogo kama stempu, au fumba macho nusu mpaka vitu vififie. Kinachobaki kuonekana ndicho kitovu. A ilibaki na koti. C ilibaki na fungu la kati, ambalo lilikuwa juu kidogo kuliko mengine. B haikubaki na kitu, kwa sababu kila kitu kilipiga kelele kwa sauti ileile. Nafasi: A, C, B. Hapa usiigeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe. Koti jekundu na sweta la kijivu vinaweza kuwa na mwanga sawa, na ukiondoa rangi koti linapotea ingawa mpita njia analiona waziwazi.

Nyeusi na nyeupe ina kazi yake kwenye kigezo cha pili, mafungu, maana huko rangi inadanganya: vitu viwili vyekundu vilivyo mbalimbali huonekana kama ndugu. Ukishaiondoa, angalia mapengo kati ya vitu. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alieleza mwaka 1923 kwamba vitu vilivyokaribiana tunaviona kuwa kundi moja. Kwa hiyo pengo kati ya fungu na fungu lazima lizidi pengo lililo ndani ya fungu. Kisha funika yote kwa kiganja, uache fungu moja, ujiulize linauza nini na kwa nani. C ilijibu mara moja. A ilikuwa na viatu na mikoba iliyotawanyika chini ya mdoli, ila masweta ya nyuma yalishikamana. B ilikuwa ukuta mmoja. Nafasi: C, A, B.

Sasa rangi. Zinazokaa jirani kwenye duara la rangi, kama nyekundu, machungwa na njano, hupatana kirahisi. Zinazotazamana, kama bluu na machungwa, hupatana moja ikitawala na nyingine ikiwa kidogo. B ilishinda kwa haki. A ilifuata. C ilikuwa na rangi nyingi zisizo na kiongozi. Lakini kabla ya kuandika, tafuta kitu cheupe ndani ya picha, kama karatasi ya bei. Kikionekana cha njano, basi taa ya duka imepaka njano kila kitu, na upatano unaouona si wa bidhaa. Rekebisha joto la rangi kwenye simu kwanza, mpaka karatasi hiyo ionekane nyeupe.

Jumlisha nafasi: A ina 1 na 2 na 2, yaani 5. C ina 2 na 1 na 3, yaani 6. B ina 3 na 3 na 1, yaani 7. Mwenye kioo B aliniuliza, “Sasa kaka, mbona wote wanakisifia changu?” Nilimwonyesha ile picha ndogo kama stempu, akanyamaza akiitafuta bidhaa. Nikamshauri atoe nusu ya mablanketi na aache moja la njano peke yake usawa wa macho.

Jumla zikilingana, mimi humpa ushindi mwenye kitovu bora, kwa kuwa asiyesimama hatafika kwenye mafungu. Na usilinganishe picha ya mchana wa jua na ya jioni. Mchana kioo huakisi barabara na bodaboda, na hiyo bodaboda inaweza kugeuka kitovu. Zipigwe zote jioni taa za ndani zikiwa zimezidi mwanga wa nje, kwa umbali uleule.