Kabla hujaitumia sauti inayotrendi, tafuta ilikotoka

Ukitaka video yako ichekeshe kwa sauti iliyorekodiwa na mtu mwingine, usianze na maneno yanayosikika. Anza na kilichokuwa kikitokea pale sauti hiyo iliporekodiwa. Huku Lamu naona vijana wengi wenye vipaji wakikosa hapo tu.

Kuna klipu iliyozunguka sana kwenye simu zetu. Boti ya abiria inakwenda Pate, na maji yamekupwa. Wanaosafiri njia hiyo wanajua kuwa mlango wa Mkanda unapitika vizuri maji yakijaa, na yakikupwa ni rahisi kukwama kwenye tope. Kamera inamtazama nahodha, naye anasema kwa sauti ya kujiamini, “Tumefika jamani, tumefika.” Mashine inakohoa kisha inazima. Kimya. Kamera inageuka: mikoko kulia, mikoko kushoto, bandari haionekani. Ndipo mama mmoja anauliza kwa upole, “Tumefika wapi, mwanangu?”

Basi kinachochekesha si neno “tumefika”. Kinachekesha kwa sababu mtu mwenye dhamana anawahakikishia watu jambo, na macho yao wenyewe yanaona kinyume chake. Hoteli moja iliiweka sauti ile chini ya video ya wageni wakishuka gatini Shela, mizigo mkononi, nyuso zimechangamka. Haikumchekesha mtu. Wale wamefika kweli, kwa hiyo sauti na picha zinasema jambo moja. Kwenye komenti watu waliuliza kama boti ilikuwa imekwama.

Mpwa wangu alipotaka kuitumia wiki ya kuelekea Idi, nilimwambia kwanza amtafute “nahodha” wake. Nani amekuahidi jambo ambalo halijatimia? Akanijibu papo hapo, “Fundi wa nguo, shangazi!” Hapo tukawa na video. Fundi, kwa ridhaa yake, anaonekana akitikisa kichwa kwa uhakika wakati nahodha anasema tumefika. Juu ya picha tuliandika, “Fundi, nguo yangu iko tayari?” Mashine ya boti inapozima, picha inakata: kitambaa kingali kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani, mkasi haujakigusa.

Mahali pa kukatia picha ndipo pa kuangalia sana. Mara ya kwanza mpwa wangu alianza na kitambaa, na video ikapoa, maana mtazamaji alishajua ukweli kabla ya kusikia ahadi. Kwenye klipu ya asili, kile kimya ndipo abiria wanapotazama nje. Kwa hiyo kitambaa nacho kisubiri kimya hicho. Na ule mlio wa mashine usiufute eti ni kelele, kwa sababu ndio unaotangaza kwamba mambo yameharibika. Maandishi nayo yaeleze hali tu. Ukiandika “fundi mwongo”, umeshamaliza kichekesho kabla mama hajauliza.

Kuipata asili yenyewe si kazi kubwa. Kwenye TikTok, gusa kile kisahani kinachozunguka chini kulia. Utafungua ukurasa wa sauti, wenye video zote zilizoitumia, na ile ya kwanza huwa imewekewa alama. Lakini usiiamini alama hiyo upesi. Mtu akipakua klipu na kuipandisha upya kwenye akaunti yake, sauti huandikwa kwa jina lake kana kwamba yeye ndiye chanzo. Dalili zake zinaonekana: sauti imefifia, mwanzo umekatwa, midomo ya anayeonekana hailingani na maneno, au kuna jina la akaunti nyingine juu ya picha. Linganisha tarehe, kisha soma komenti za zamani. Mara nyingi kuna mtu ameshataja klipu ilikotoka. Ukigundua kuwa ni sauti ya mtu aliyekuwa msibani au katika hofu ya kweli, iache. Mwenyewe au jamaa zake huenda wakaisikia.

Sauti ikishazoeleka sana, mambo hubadilika kidogo. Kijana mmoja aliiweka chini ya picha za siku yake ya kuhitimu chuo, baada ya miaka mingi ya kusuasua, na safari hii “tumefika” ilikuwa kweli. Watu walicheka na wengine wakatokwa machozi, kwa sababu tulikuwa tumezoea kuisubiri mikoko na badala yake tukaona joho. Lakini aliyeiona sauti ile kwa mara ya kwanza hapo hakuambulia kitu zaidi ya picha za mahafali. Ukitaka kuigeuza namna hiyo, hakikisha watazamaji wako wameshaiona boti. Na lile swali la mama likate, kwani huyu amefika.