Kafu ilikuwa ndogo kabla hujaweka stetoskopu

*Shikamoo mwalimu. Nasomea utabibu hapa Mbeya, mwaka wa pili. Kwenye mtihani wa vitendo nilipima presha ya mama mmoja mnene kiasi nikapata 158/96, mtahini akapima baada yangu akapata 138/86. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, nikampandisha mkono wa sweta, kafu ikashika kwa shida lakini ikashika. Sauti nilizisikia vizuri kabisa. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Nakuamini kwamba ulisikia vizuri, na ndiyo maana nataka tuache masikio pembeni. Hayo maneno yako, "ikashika kwa shida lakini ikashika", ndipo ninapoona kosa kubwa. Kafu inayoshikilia kwa ncha ya velkro imekwisha kukwambia kwamba mkono umeizidi.

Watu wengi huangalia kitambaa cha kafu, kumbe kinachopima ni mfuko wa mpira ulio ndani yake. Urefu wa mfuko huo unatakiwa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono, na upana wake uwe karibu asilimia 40 ya mzunguko. Tuchukue mkono wa mama huyo kuwa na mzunguko wa sentimita 38, ambao si wa ajabu kwa mtu mnene kiasi. Asilimia 80 ya 38 ni kama sentimita 30. Kafu nyingi za watu wazima tunazozikuta vituoni zina mfuko wa urefu wa sentimita 23 hivi, ambao kwa mkono huo hauzunguki hata theluthi mbili. Ukipampu, nguvu haiufikii mshipa sawasawa, sehemu yake inapotelea kwenye nyama. Inabidi uongeze upepo zaidi ya presha yenyewe ndipo mshipa uzibe, na saa ya mashine inasoma huo upepo wa ziada kana kwamba ni damu ya mama. Mwaka 2023 ulitolewa utafiti uliofanyika Baltimore, Marekani, wa kulinganisha kafu kwa kutumia mashine za kujipima zenyewe. Waliohitaji kafu kubwa kabisa, walipowekewa ya kawaida, presha yao ya juu ilisomeka zaidi kwa wastani wa karibu 20. Kafu kubwa kuliko mkono hufanya kinyume, inashusha namba, ingawa kosa lake kwa kawaida ni dogo kuliko la kafu ndogo.

Kwa hiyo kwenye kituo cha mtihani beba tepu ya fundi nguo mfukoni. Tafuta ncha ya bega na ncha ya kiwiko, pima mzunguko katikati yake, ndipo uchague kafu. Kama hakuna tepu, funga kafu kisha utazame alama zilizochapwa kwake: ule mstari wa ukingoni lazima uangukie ndani ya mipaka miwili iliyochorwa. Ukiangukia nje, fungua. Na kama kituoni hakuna kafu nyingine, mwambie mtahini kwa sauti kwamba kafu hii ni ndogo kwa mkono huu na namba itapanda, kisha uiandike hivyo hivyo kwenye fomu.

Nalisisitiza hili kwa sababu liliwahi kunikuta. Nikiwa mgeni kazini, kwenye kituo kimoja cha afya huku nyanda za juu, tulimhudumia mbeba magunia mwenye mikono kama nguzo. Kila akija presha ilikuwa juu, dozi ikaongezwa, naye akaanza kulalamika kizunguzungu akisimama. Alipopimwa kwa kafu kubwa ilionekana tulikuwa tumempa dawa nyingi kuliko alizohitaji. Yule mama yako naye, kwa 138/86 hajafika 140/90 ambapo tunaanza kusema ana presha. Kwa 158/96 ungemrudisha nyumbani na jina la ugonjwa.

Sasa sweta. Najua Mbeya mwezi wa sita na wa saba hakuna anayependa kuvua nguo, lakini mkono wa sweta ukikunjwa hadi juu unakuwa kamba iliyoubana mkono juu ya kafu. Mwombe avue mkono mmoja tu, kisha mfunike mabega kwa kitenge au shuka, kwa sababu baridi nayo inapandisha presha.

Ukingoni mwa kitanda ni kosa jingine, na limebeba matatu ndani yake. Mgongo hauna pa kuegemea, miguu inaning'inia, na mkono kwa kawaida unabaki chini. Mkono ndio wa kuangalia zaidi. Katikati ya kafu iwe usawa wa moyo, yaani katikati ya mfupa wa kifua. Kila sentimita 10 ukishuka chini ya hapo, namba inaongezeka karibu 8, kwa uzito wa damu yenyewe tu. Ukiuinua juu ya moyo, namba inapungua kwa kiasi hicho hicho. Tena mkono ulale juu ya meza au mto. Mgonjwa akiushikilia mwenyewe hewani, misuli inakaza na presha inapanda. Mpeleke kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote chini, asipishanishe miguu. Aketi dakika 5 kimya. Kama kituo chako kina dakika chache, mwambie mtahini kwamba ungempumzisha dakika 5, na umuulize mgonjwa kama amekunywa kahawa, amevuta sigara au amepanda mlima nusu saa iliyopita, na kama anahitaji kwenda haja ndogo.

Maelezo yote kwa mgonjwa yamalize kabla ya kupampu. Nimeona watahiniwa wazuri wakimuuliza mama "unajisikiaje?" huku mshale unashuka. Akijibu tu, namba inaweza kupanda kwa 10.

Siwezi kukugawia zile 20 kwamba hizi ni za kafu na hizi za mkono, maana makosa haya hayajumlishwi kama hesabu ya dukani. Ya kafu na ya mkao, hata hivyo, yalivuta upande mmoja, juu.

Ukirudia, fanya hivi. Ukingo wa chini wa kafu ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya kikunjo cha kiwiko, katikati ya mfuko juu ya ateri uliyoipapasa. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, pampu mpaka yapotee. Tuseme yamepotea kwenye 140. Toa upepo wote, subiri kidogo, weka stetoskopu bila kuichomeka chini ya kafu, kisha pampu hadi 170. Hatua hii ya kupapasa wengi huiruka, nao huponzwa na wagonjwa ambao sauti hunyamaza katikati kisha hurudi. Ukianza chini ya ukimya huo utaandika presha ndogo isiyo yake. Legeza vali taratibu: kwenye saa, kila kistari kidogo ni 2, basi kistari kimoja kwa sekunde. Mshale utaanza kurukaruka kabla ya sauti, usiusome huo. Soma sauti ya kwanza, na soma pale zinapopotea kabisa.

Subiri dakika moja, pima tena, uandike zote mbili bila kuzikata ziishie na sifuri: "138/86, 136/86, mkono wa kulia, ameketi, kafu kubwa."